Vifupisho vya shahada kwenye kadi: kipi kitangulie?

"Nina BSc, MBA na PhD, na pia ni CPA. Kwenye kadi ya biashara niandike Dkt. mbele na hivyo vyote nyuma ya jina? Kwa mpangilio gani?"

Dkt. na PhD visikae pamoja, maana vyote viwili vinasema jambo lilelile. Bakiza PhD, kwani ukiandika Dkt. peke yake, wengine watadhani wewe ni tabibu.

Shahada za chuo hutangulia, kisha sifa za bodi ya taaluma, kwa hiyo CPA inakaa mwisho. Kwa shahada zenyewe kuna desturi mbili: Waingereza hupanda kutoka ya chini, Wamarekani huanza na ya juu. Fuata moja tu. BSc ningeiacha, kwani aliyeona PhD hahitaji kuambiwa ulianzia wapi. Kwa desturi ya Kimarekani, baada ya jina itakuwa hivi:

`, PhD, MBA, CPA`

Ukiweka nukta, ziweke kote: Ph.D., M.B.A., C.P.A.

Kwenye kadi ya milimita 85 kwa 55, acha milimita 5 kila upande. Jina likiwa pointi 12, vifupisho viwe 8 au 9, la sivyo herufi kubwa zitalimeza jina. Usibonyeze kitufe cha herufi kubwa zote, kwani PhD itageuka PHD. Kama mstari hautoshi, usiache CPA ianguke chini peke yake: shusha vifupisho vyote chini ya jina, na ufute mkato uliofuata jina.