Kabla hujamwambia mtu avunje sheria: kwa wasaidizi wapya wa kisheria Mombasa

Nyinyi mnaoanza kujitolea kwenye msaada wa kisheria, haitapita muda kabla ya kijana kukukalia mbele na kukuuliza: "Sheria hii ni mbaya, tukiivunja makusudi tutakuwa na kosa?" Usikimbilie maadili. Mwambie akuoneshe kwanza sheria yenyewe, kwa sababu mara nyingi hakuna inayovunjwa.

Mfano wa kila siku ni maandamano. Watu wanasema polisi "wamewanyima ruhusa". Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na Sheria ya Utulivu wa Umma, kifungu cha 5, inataka ilani, haitaki ruhusa. Ilani hupelekwa kwa mkuu wa kituo si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, ikitaja mwandalizi na anwani yake, tarehe, saa kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni, na mahali au njia itakayopitwa. Andikeni nakala mbili, ya pili igongwe muhuri. Afisa akikataa kuipokea, andikeni saa mliyofika na nani alishuhudia. Hao wanatumia haki yao, na ukiwaita waasi umewaharibia kesi.

Ikiwa kweli kuna sheria ya kuvunja, angalieni kama ni dhalimu au inaudhi tu. Mimi hutumia kipande kufundishia, yaani kile kitambulisho cha enzi ya ukoloni. Sheria yake ilitungwa 1915 na ilimbana mwanamume Mwafrika peke yake. Mzungu hakutembea na kipande shingoni. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia Baraza la Kutunga Sheria 1944. Kwa hivyo waliobebeshwa mzigo hawakuwa na sauti ya kuupinga, na waliouweka hawakuubeba. Sheria ya namna hiyo hainidai utii wa dhamiri, hata kama inaweza kunifunga.

Lakini hata udhalimu ukiwa wazi, namna ya kuvunja ina maana kubwa. Sisi wa pwani tunauelewa upesi mfano wa Gandhi, kwa kuwa ni habari ya chumvi ya bahari. Serikali ya Uingereza kule India ilikuwa imejipa peke yake chumvi na kodi yake, na maskini aliyekaa ufuoni alikuwa mhalifu akijichemshia maji ya chumvi. Tarehe 2 Machi 1930 Gandhi alimwandikia mtawala, Lord Irwin, akimweleza atakachofanya. Tarehe 12 akaondoka Sabarmati na wafuasi wake, wakatembea siku 24 hadi Dandi, na asubuhi ya 6 Aprili akaokota chumvi mbele ya watu. Alivunja sheria ileile aliyoilaumu, baada ya kuonya, mchana kweupe, kisha akangoja kukamatwa. Alikamatwa mwezi uliofuata. Maelfu walifungwa, na mapatano ya 1931 yakawaruhusu watu wa pwani wajitengenezee chumvi, ingawa sheria yenyewe haikufutwa.

Mlinganisheni na mchuuzi wa Mwembe Tayari anayekimbia askari wa kaunti bila leseni. Simlaumu, ana watoto wa kulisha, lakini anajificha, naye anatafuta riziki, hatafuti kubadilisha sheria. Utetezi wake ni mwingine kabisa. (Na leseni yenyewe inaweza kuwa ghali kupita kiasi, hilo lipelekeni kwa bunge la kaunti.)

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni wanaotaka kufunga kivuko cha Likoni ili serikali isikie habari nyingine kabisa. Hakuna udhalimu katika sheria ya kivuko, na anayeumia ni mama mjamzito anayetaka kuvuka, wala hakuandika sheria yoyote. Ushauri wangu huwa ni hapana. Gandhi mwenyewe alisimamisha harakati nzima Februari 1922, baada ya umati wa Chauri Chaura kuwaua polisi 22. Asiyeweza kuusimamisha umati wake asiuanzishe.

Mkiamua kuendelea, amueni kabla ya siku hiyo nani atakamatwa, nani atabaki nje na simu, na wakili gani ataitwa. Aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au siku ya mahakama inayofuata. Hapo atasomewa mashtaka na kuulizwa ni kweli au si kweli. Akikubali kosa kwa ajili ya dhamiri, mara nyingi atahukumiwa hapohapo na hoja ya udhalimu haitajadiliwa. Akikana, wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu iitangaze sheria hiyo batili kwa kukiuka Katiba. Mhusika achague mwenyewe, nanyi msimchagulie, kwani rekodi ya jinai itakuwa yake atakapotafuta kazi bandarini.