Majaribio yanafaulu yote, lakini hitilafu hazikomi

"Majaribio yetu hupitia asilimia 100 ya msimbo, lakini hitilafu bado zinawafikia wateja hapa Nairobi. Nitajuaje kama majaribio yenyewe yanafaa?"

Ndugu, kipimo hicho huonyesha tu kwamba mstari uliendeshwa, wala si kwamba jaribio lingeshtuka mstari huo ukikosewa. Chukua duka linalosafirisha bidhaa bure kuanzia shilingi 1,000:

```python
def bure(jumla):
    return jumla >= 1000
```

Ukijaribu kwa 500 na 2,000, msimbo wote unapitiwa. Sasa geuza `>=` iwe `>`, kisha uendeshe majaribio tena: yote yatafaulu, ingawa mteja wa Umoja aliyenunua bidhaa za shilingi 1,000 kamili sasa atatozwa usafiri. Badiliko hilo limenusurika. Ongeza jaribio la 1,000 linalotarajia `True`, na badiliko hilo litanaswa.

Kwa Python, zana ya `mutmut` hutengeneza mabadiliko kama haya yenyewe. Kwa kuwa majaribio huendeshwa upya kwa kila badiliko, kazi huchukua muda mrefu, hivyo ningeanza na moduli ya malipo pekee. Usilazimishe mabadiliko yote yanaswe, kwa maana mengine hayabadilishi matokeo kamwe: katika `a if a >= b else b`, ukiweka `>`, namba iliyo kubwa zaidi hubaki ile ile. Ya namna hiyo yakague kwa macho, kisha uyaache.