Hizo karata, mwanangu

"Mama, nimenunua karata za taroti. Zinaweza kuniambia kama niache kazi au nivumilie?"

Mwanangu, unakumbuka mwaka ule mimi na mama yako mkubwa hatukuongea? Nilikuwa na pakiti kama hiyo yako, ile ya 1909 iliyochorwa na Pamela Colman Smith, na nikaiuliza: dada atanisamehe? Ikatoka Vikombe Vitano. Mtu kavaa joho jeusi, kainamisha kichwa, mbele yake vikombe vitatu vimemwagika. Nikalia. Baba yako akapita na chai yake akachungulia akasema, mbona huku nyuma kuna viwili vimesimama? Nilimkasirikia sana, nikachanga upya, nikatoa tena, na tena, mara nne, mpaka nikapata picha ya kunifurahisha. Dada sikumpigia mpaka miezi mitano baadaye. Bado inaniuma.

Ndo maana nasema kila siku, karata haijui kitu, anayejua ni wewe unayeiangalia. Sawa, utaniuliza kwa nini basi iliniliza, nami sina jibu zuri, labda kwa sababu niliona kile nilichokuwa nakitafuta tu, vile viwili vilikuwepo muda wote.

Kwa hiyo anza na tatu tu, usihangaike na zote 78. Swali lisiwe la ndiyo au hapana, wala la bosi atafanya nini, maana bosi hayumo kwenye pakiti. Uliza "nini kinanichosha hapo kazini?" Changa, toa tatu uzipange kushoto kwenda kulia: ya kwanza ni ninachokiona, ya pili ninachokikwepa, ya tatu ninachoweza kujaribu wiki hii. Usifungue kijitabu cha maana za karata kwanza! Andika kilichochorwa, nani anatazama wapi, mikono inafanya nini. Tuseme ya pili ni Sarafu Nne, mtu kakumbatia sarafu moja, mbili kazikanyaga, nyingine iko kichwani, yaani hawezi hata kusimama bila kuangusha kitu. Kijitabu kitakwambia ubahili. Lakini wewe jiulize, mimi nimeng'ang'ania nini hapo, mshahara, au lile jina la cheo? Jibu likikuchoma kidogo, andika hilo hilo. Kama halikugusi kabisa, liache, usilazimishe maana.

Na ukijikuta unataka kuchanga upya, jua tayari umeona kitu hukukipenda. Funika pakiti, usiiguse mpaka umefanya lile la karata ya tatu, hata kama ni kuongea na mtu dakika kumi tu.

Kuhusu kuacha kazi nina maoni, we unanijua. Sisemi. Ila ile Jumapili uliponipigia ulikuwa unalia kabla hata hujamtaja bosi… haya, nimenyamaza. Niandikie ya pili imetoka nini.

Mama