Ukisoma amri za Ashoka, uliza kwanza jiwe liko wapi

Ninyi mnaoanza historia ya India ya kale, nawapa kosa langu mlitumie. Katika insha yangu ya kwanza niliandika kuwa Mfalme Ashoka, baada ya kuiteka Kalinga, nchi ya pwani ya mashariki ya India, kwenye mwaka 261 KK hivi, alichonga majuto yake kwenye nguzo. Mwalimu akazungushia neno "nguzo" wino mwekundu, akaandika pembeni: "Ipi?" Nilitafuta wiki nzima. Haipo.

Majuto yale yamo katika amri ya 13 kati ya zile 14 kuu za miambani, zilizorudiwa mahali mbalimbali. Humo mfalme anasema watu 150,000 walihamishwa kwa nguvu, 100,000 wakauawa, na wengine wengi zaidi ya hao wakafa, naye anaumia. Nguzo ndefu za mawe ya mchanga, zile zilizosuguliwa hadi zikang'aa, zilipata amri zake kuu miaka zaidi ya kumi baadaye, na zinazungumzia mambo mengine: wanyama wasiochinjwa, au mfungwa aliyehukumiwa kifo kupewa siku 3 kabla ya kunyongwa. Ndiyo, hukumu ya kifo aliibakiza. Wengi hulipita hilo kimyakimya.

Sasa fuateni mahali. Amri ya 13 imeonekana Girnar upande wa magharibi, Kalsi kaskazini, Shahbazgarhi iliyoko Pakistani ya leo, na sehemu yake kwa Kigiriki huko Kandahari, Afghanistani ya leo. Nendeni Dhauli na Jaugada, ndani ya Kalinga yenyewe: mwamba una amri ya 1 hadi ya 10, kisha ya 14. Ya 11, ya 12 na ya 13 hazimo. Yaani waliofiwa ndio hawakusomewa majuto.

Walichowekewa ni amri mbili za pekee, na ya kwanza inawaelekea maofisa wa mfalme. Inasema watu wote ni watoto wake. Halafu inawabana: kuna mtu anafungwa au kuteswa bila sababu, na chanzo ni wivu, hasira, ukatili, pupa, uvivu na uchovu wenu. Isomwe kwa sauti kila siku ya Tishya, yaani mwezi unapofika penye nyota ya jina hilo, na katikati ya siku hizo isomwe hata kama msikilizaji ni mmoja. Kila baada ya miaka 5 atatumwa ofisa asiye mkali kukagua.

Kwa nini aliificha ile ya 13? Mimi naona hesabu ya maiti haisomwi mbele ya wafiwa na yule aliyewaua, hasa akiwa bado anawatawala. Tena amri hiyohiyo inawaonya watu wa misituni kwamba mfalme, pamoja na majuto yake, nguvu za kuwaadhibu anazo. Wala nchi hakuirudisha.