"Nipe ile ya pili": ipi hasa?

*"Nauza vifaa vya stima kwa simu. Mteja ananiandikia 'nipe ile ya pili' ama 'toa hiyo sehemu ya nyuma', na mimi nishamtumia orodha tatu. Nikiuliza kila saa anachoka na mimi, nikikisia nakosea. Nyinyi mnajuaje mtu anamaanisha gani?"*

Mimi niko kwa duka la vifaa vya ujenzi hapa Kondele, Kisumu, na oda zetu nyingi zinaingia kwa WhatsApp kutoka kwa watu wanaojenga nyumbani, Siaya, Vihiga, mpaka Kakamega. Nitakueleza kwa mabati, kwa sababu mabati ndiyo yaliyonifunza, na yalinifunza kwa hasara.

Mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Luanda aliniuliza bei. Nikamwandikia aina tatu kwa unene wa bati, kila moja na mstari wake: geji 32, geji 30, geji 28. Nilianza na ya bei nafuu nikashuka hadi ya bei ghali. Baadaye akauliza vitasa, nikamtumia viwili. Akauliza kama gari letu linafika Luanda, nikamwambia linafika. Saa moja ikapita, ndipo akaandika: "Sawa kijana wangu. Nikatie ile ya juu, 24, mita 3.4."

Nikapanda kuangalia orodha yangu. Ya juu kabisa ni geji 32. Tuna mashine, tunakata kwa urefu anaotaka mteja, kwa hivyo nikakata 24 na gari likaondoka. Jioni fundi wake akashika bati moja kwa vidole viwili, akalipinda kidogo, akamwambia mzee kwamba hili ni jepesi. Mwalimu alitaka geji 28. Kwake "ya juu" ni ile bora, ile ya bei ya juu. Na bati likishakatwa mita 3.4 halirudi stoo, maana mteja mwingine wa urefu huo utamngoja sana.

Nilirudia mazungumzo yale usiku huo, na nikaona kwamba "juu" ilikuwa na njia tatu. Juu kwenye orodha ni 32. Juu kwa namba pia ni 32, kwa sababu namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba. Juu kwa ubora ni 28. Njia mbili zilinipeleka mahali pamoja, na hapo ndipo nilipojiamini nisivyostahili. Ila maana ya neno haichaguliwi kwa wingi wa kura. Siku ya kwanza kabisa, kabla sijataja geji yoyote, Mwalimu alikuwa ameandika: "Nataka paa ambalo sitaligusa tena." Jibu lilikuwa pale. Mimi nilitazama orodha niliyoandika mwenyewe nikasahau alichosema yeye.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "ya pili", "ya mwisho" au "ya juu", swali langu la kwanza ni: anahesabu nini, na kwa mpangilio wa nani? Mara nyingi mteja hahesabu mistari yangu. Anahesabu zile zilizobaki akilini mwake. Nikimwambia geji 30 imeisha, kwake zimebaki mbili, na "ya pili" sasa ni 28, ingawa kwenye orodha yangu 28 bado ni ya tatu. Ukishaondoa kitu kimoja, andika orodha upya kwa ufupi, la sivyo mtakuwa na hesabu mbili na hakuna anayejua mwenzake anatumia ipi. Kwa picha ni vibaya zaidi, maana ukituma nyingi kwa pamoja zinajipanga kama vigae na mwingine anahesabu kwa kushuka, mwingine kwa kwenda kulia. Mimi siku hizi kila picha naiandikia jina lake chini kabla ya kutuma.

Sasa nije kwa kitu ambacho sijaona wauzaji wengi wakikitumia, na kiko ndani ya Kiswahili chenyewe. Angalia mtu anasema "ile", "kile", "lile" au "ule". Kama umemtumia mteja vitasa viwili, rangi mbili na mabati, halafu akajibu "nipe kile cha pili", huna haja ya kuuliza. Cha ni kitasa. Rangi haiwezi kuwa kile, na bati lingekuwa lile. Akisema "lile la pili" ni bati, au kopo kama mlikuwa mnahesabu makopo ya rangi. "Ule wa pili" ni ubao au waya. Herufi moja inakufutia nusu ya orodha.

Lakini tahadhari, na hii ni ya kwetu huku hasa. Kuanzia Nakuru kuja huku magharibi, wengi wetu tukiongea haraka tunatupa kila kitu kwa "ile" na "ya": kitasa yangu, mbao yako, ile bati. Mtu wa namna hiyo akisema "ile ya pili" hajakuambia kitu. Inaweza kuwa rangi, inaweza kuwa kitasa. Kwa hivyo kabla sijaamini upatanisho wa mteja, napanda juu kidogo niangalie anavyoandika. Akiwa ameandika "kitasa yenye funguo tatu", basi "ile" yake naichukulia kama haina uzito. Akiwa ni mtu anayeandika "kitasa chenye", kama mama mmoja aliyekulia Mombasa anayejenga Mumias, "ile" yake ni ushahidi kamili kwamba hazungumzii kitasa. Na hata yule anayetupa kila kitu kwa "ile", siku akitoa "kile" mwamini, kwa sababu hakuna anayeteleza kuelekea huko kwa bahati mbaya.

"Hiyo" na "ile" nazo zinasaidia. Mtu akisema "hiyo ya pili" kwa kawaida anashika kitu tulichokitaja sasa hivi, kiko bado mdomoni. Akisema "ile ya pili" mara nyingi anarudi nyuma kwa kitu tunachokijua sote lakini tulikiacha, pengine jana. Mwalimu alisema "ile ya juu" baada ya habari za vitasa na gari kupita katikati, na kweli alikuwa anarukia mabati. Hapo nilisoma sawa. Sichukui dalili hii peke yake lakini, kwa sababu wengine hutumia "hiyo" kwa kila kitu.

Halafu kuna saa. Ujumbe ulio chini kabisa sio lazima uwe ndio anaoujibu. Watu wetu wa mashambani wanaandika mtandao ukiwa umepotea, simu inashika juu ya kilima, na ujumbe wao unatoka wakati uleule wako unapowafikia. Bonyeza ujumbe wako uushikilie, kisha uchague "Info", utaona uliingia kwake saa ngapi na ulisomwa saa ngapi (kama hajazima alama ya kusoma). Jibu lake likiwa limefika dakika ileile orodha yako mpya ilipopata tiki mbili, pengine alikuwa anajibu ya zamani. Huenda hakuwa ameiona mpya.

Umeuliza pia kuhusu "sehemu ya nyuma". Hii imenitesa. Nyuma inaweza kuwa nyuma ya nyumba, na inaweza kuwa kule nyuma kwa mazungumzo, yaani mambo tuliyosema mwanzo. Mteja wa Maseno aliniandikia "hiyo sehemu ya nyuma punguza". Makadirio yangu yalikuwa na mabati ya nyumba kubwa, mabati ya veranda ya nyuma, misumari na usafiri. Nilikaribia kumwondolea mabati ya veranda. Kilichoniokoa ni kitenzi. "Punguza" inaendana na bei, na asubuhi tulikuwa tumebishana kuhusu bei ya usafiri. Angekuwa anataka veranda itoke angesema "toa" au "acha". Kwa hivyo likija neno lisiloeleweka kama sehemu, kitu, hapo, pale, mimi naenda kwa kitenzi kilichosimama nalo na kujiuliza: kati ya vitu tulivyotaja, ni kipi kinaweza kufanywa hivyo? Vitu vinne vinabaki viwili, wakati mwingine kimoja. Kwako wewe, "toa hiyo sehemu ya nyuma" ningeanza kwa kuuliza kama kuna kifaa chenye kipande cha nyuma kinachoweza kutolewa. Kama hakipo, anataka mstari fulani wa oda utoke.

Na "mbili". Huku kwetu "ya mbili" na "ya pili" ni kitu kimoja, kwa hivyo "nipe namba mbili" iko sawa. Ila mtu akiandika "nipe mbili" tu baada ya orodha yenye namba, hujui ni bidhaa ya pili au ni vipande viwili. Hapa siwazi hata kidogo, nauliza. Hakuna dalili ya kutosha ndani ya maneno mawili.

Kuhusu kuuliza bila kumchosha mtu. "Unamaanisha ipi?" inamrudishia kazi, naye ataanza kusoma upya, achukie. Mimi namwandikia nilivyoelewa kana kwamba nakubali oda, kwa jina kamili la kitu na sifa moja ambayo vingine havina, bila namba ya orodha. Kwa Mwalimu ningeandika: "Sawa Mwalimu. Geji 28, ile nzito, 24 za mita 3.4. Nikate?" Angejibu ndiyo na yamekwisha. Na kama ningekuwa nimekosea nikaandika "geji 32, ile nyepesi", neno "nyepesi" lingemshtua papo hapo. "Geji 32" peke yake isingemshtua, kwa sababu namba hiyo haikuwa na maana kwake, na ndiyo maana alisema "ya juu" badala ya kuitaja.

Siandiki hivyo kwa kila oda. Kufuli ikienda isiyo yenyewe inarudi kesho na matatu, hakuna aliyeumia, kwa hivyo hapo nikiwa na dalili moja nzuri napeleka. Bati la kukatwa, rangi ya kuchanganywa kwenye mashine, waya wa kupimwa kwa mita, hivyo havirudi, na hapo nathibitisha hata nikiwa na uhakika. Kwa vifaa vya stima nadhani mstari wako utapita hapohapo: balbu na soketi peleka, waya uliokatwa thibitisha kwanza.

Yale mabati 24 ya geji 32 tulikaa nayo stoo miezi saba. Mwishowe jamaa mmoja wa Ahero aliyachukua kwa banda la kuku, kwa bei ya chini ya tuliyonunulia, na Mwalimu nilimkatia mengine siku iliyofuata, gari tukalipa sisi.