Pete ya chuma ikibanwa juu na chini: maswali yenu

*"Kaka, nimekata pete ubavuni nikabaki na robo, sasa kuna momenti M0 pale nilipokata siijui, si naiweka tu sifuri?"* (mwanachuo, Tabora)

Hapana mdogo wangu, ukiiweka sifuri umeshatia bawaba pale ubavuni, na pete yako haina bawaba. Nguvu pale unaijua, ni P/2, kwa sababu mzigo P unagawanyika pande mbili. M0 ndo inatafutwa kwa nishati: pete ni sawa kulia na kushoto, juu na chini, kwa hiyo pale ubavuni chuma hakizunguki hata kidogo, na kanuni ya Castigliano inasema mzunguko ni mabadiliko ya nishati ukibadilisha M0 kidogo, basi hayo mabadiliko ni sifuri. Ukipima pembe θ kuanzia ubavuni kwenda juu, R ikiwa nusu kipenyo cha katikati ya unene, E ugumu wa chuma chenyewe na I ugumu unaotokana na umbo la mkato wake:

```
M  = M0 - (P*R/2)*(1 - cos θ)
M0 = (P*R/2)*(1 - 2/π)
δ  = (π/4 - 2/π)*P*R³/(E*I) = 0.149*P*R³/(E*I)
```

Hiyo δ, yaani pete inashuka kiasi gani chini ya mzigo, inatoka ukirudia kazi ileile kwa P, ukijumlisha robo zote nne, watu wengi wanasahau hizo nne. Ukiacha M0 sifuri unapata 0.356, zaidi ya mara mbili.

*"Nina pete ya flatibaa, upana 25 mm, unene 3, kipenyo cha katikati ya unene 200. Nikiiwekea kilo 20 juu inashuka ngapi?"* (fundi, Mwanga, Kigoma)

Kilo 20 ni kama niutoni 200, R ni 100, I ni 25×3³/12 yaani 56.25, na E ya chuma tuseme niutoni 200,000 kwa mm². Inatoka 2.6 mm, na ubavuni inapanuka 2.4 hivi, namba yake ni 0.137 badala ya 0.149. Isimamishe wima mezani, pima kwa vanieri kabla na baada, utaiona kabisa. Halafu toa mzigo upime tena, kipenyo kisiporudi chuma kimeshalegea. Pale chini ya mzigo, uso wa ndani unavutwa kwa kama 170 N/mm², na chuma laini cha kawaida kinaanza kulegea kwenye 250 hivi, kwa hiyo ukikaribia kilo 30 usiiamini tena fomula.

*"Na weldi yangu niiweke upande gani?"* (fundi huyohuyo)

Hili swali zuri sana fundi. Usiiweke chini ya mzigo, momenti pale ni P*R/π, kubwa kuliko zote. Ubavuni ni afadhali, ila kuna mahali momenti inakuwa sifuri kabisa, pale cos θ = 2/π, digrii 50.5 kutoka ubavuni. Kwa pete yako anzia alama ya mzigo, fuata mzingo wa katikati milimita 69, chora chaki, choma hapo.

*"Inafaa bomba nene pia?"*

Haifai. Hapa tumehesabu kupinda peke yake, na hiyo inatosha R ikiwa mara kumi ya unene au zaidi, ya fundi ni mara 33.