Barua ya malalamiko ya zamu: tarehe ndizo zinazosema

Ninyi mnaoanza kazi kwenye hoteli za Arusha, siku mkiona zamu za usiku zinawaangukia ninyi tu, msimwandikie afisa utumishi kwamba msimamizi ana upendeleo. Hilo atalibisha. Mwandikieni tarehe.

Chukulia mhudumu wa mapokezi, mmoja kati ya wanne wenye cheo kimoja. Utaratibu ni kila mmoja wiki moja ya usiku katika wiki nne. Chini ya YAH: MALALAMIKO KUHUSU UPANGAJI WA ZAMU, MACHI 2025, aandike hivi:

"Katika wiki nne za Machi 3 hadi 30, nilipangwa usiku wiki tatu: zilizoanza Machi 3, 17 na 24. Mwenzangu mmoja alipangwa wiki ya Machi 10. Wawili hawakupangwa kabisa. Pia, usiku wa Machi 9 kuamkia 10 nilitoka saa 12 asubuhi, nikapangwa tena saa 8 mchana siku hiyo hiyo."

Hayo maneno "kuamkia 10" yana kazi kubwa. Zamu ya usiku inagusa tarehe mbili. Rosta itaandika 9, daftari la mahudhurio litaonyesha umetoka tarehe 10, na asiyetaka kukusikiliza atasema umechanganya. Kwa hiyo piga picha rosta kila inapobandikwa, maana hubadilishwa, kisha linganisha na daftari kabla ya kuandika. Usiku uliobadilishana na mwenzako kwa hiari yako usiuhesabu. Ukikutwa na mmoja wa namna hiyo, hata zile za kweli zitatiliwa shaka.

Lile la saa 8 mchana ndilo zito zaidi kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Hapo zimepatikana 8 tu. Kuna hali chache ambazo muda huo unaweza kupunguzwa kwa makubaliano ya maandishi, basi soma kwanza mkataba wako uone ulisaini nini. Posho ya usiku, ambayo kwa sheria hiyo haipungui asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, kama hukulipwa iandikie barua yake. Ukichanganya, utajibiwa la pesa na la rosta litaachwa.

Mwisho omba kitu kinachotekelezeka: rosta ya Aprili ipangwe upya kwa zamu ya mzunguko, na ujibiwe kwa maandishi ifikapo tarehe utakayoitaja. Zaidi ya barua ya afisa utumishi, chapa nakala mbili. Yako isainiwe na kugongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nyingine mpe kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo. Wakinyamaza, usikae ukisubiri msimu wa wageni uishe: mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea.